"Zimebaki nafasi 3 tu": nani amezihesabu?

*Matangazo ya warsha na mafunzo mafupi yamejaa namba zinazotisha. Mwandishi wetu amefuatilia zinakotoka, akamkuta mwalimu wa keki ambaye namba yake inatoka kwenye oveni.*

Ujumbe uliingia kwenye simu yangu Jumatatu saa 2 usiku. "NAFASI 3 TU ZIMEBAKI! Wahi sasa, usije ukalaumu." Ilikuwa warsha ya siku moja ya kuandika mpango wa biashara, Jumamosi ya wiki iliyofuata, ada shilingi 50,000. Jumatano ujumbe ukaja tena, nafasi zilezile tatu. Ijumaa, tatu. Jumapili nikaanza kuwahurumia hao watu watatu wanaosubiriwa hivyo.

Jumatatu iliyofuata nikalipa. Sitajitetea. Kanamba kale kalikuwa kameshanikaa kichwani, na kila nilipofungua simu nilihisi kuna mtu ananitangulia.

Siku yenyewe nikawahi ukumbini. Palikuwa na viti vya plastiki 120. Nilivihesabu, muda nilikuwa nao, maana tuliambiwa saa 3 asubuhi na tukaanza saa 5 kasoro robo. Waliokaa walikuwa 34, mpiga picha akiwemo. Kijana wa mapokezi akatuomba tusogee mbele "ili ukumbi uonekane umejaa", na tukasogea, na picha ikapigwa.

Warsha haikuwa mbaya. Mtoa mada alijua anachosema. Kilichoniudhi ni kwamba nilitoka pale nikiwa simwamini hata kwenye yale aliyosema kweli. Kama amenidanganya kwenye hesabu ya viti, zile hesabu za mtaji alizoandika ubaoni nizipokee vipi?

Nilipomsimulia mhariri wangu alicheka, kisha akasema niache kulalamika nikaulize swali moja: je, mtu anaweza kuuza nafasi chache kwa kusema kweli tupu, na akauza?

## Kabla ya simu kulikuwa na stendi

Mbinu yenyewe hatukuletewa na mtandao. Yeyote aliyepanda daladala au matatu amekutana nayo. Mpiga debe anapaza sauti, "Kiti kimoja, kiti kimoja tunaondoka!" Unaingia, unakuta viti sita vitupu na dereva hayupo. Katika baadhi ya stendi za Nairobi wapo hata watu wanaolipwa kukaa ndani ili gari lionekane linakaribia kujaa. Abiria halisi wakipanda, mmoja mmoja wanateremka kimyakimya na kuhamia gari linalofuata.

Abiria mzoefu hasikii tena neno "kimoja". Anasikia tu kwamba gari linaenda Mbagala. Ndiyo bei ya uongo uliozoeleka: namba inageuka kelele, na siku kiti kikiwa kweli ni kimoja hakuna anayeharakisha.

Kwa nini namba hiyo ina nguvu, hata kwa mtu anayeitilia shaka? Jaribio linalotajwa zaidi ni la mwaka 1975, la Stephen Worchel na wenzake wawili, Jerry Lee na Akanbi Adewole. Waliwapa watu biskuti moja kutoka kwenye chupa. Kwa baadhi yao chupa ilikuwa na biskuti 10, kwa wengine 2 tu. Biskuti ni ileile, lakini waliopewa kutoka chupa yenye mbili waliitamani zaidi na kuipandishia thamani.

Kisha wakaongeza kitu. Baadhi ya watu waliiona kwanza chupa yenye 10, halafu ikabadilishwa mbele yao ikaletwa yenye 2. Hawa waliitamani kuliko waliokuta mbili tangu mwanzo. Na walioambiwa kwamba zimepungua kwa sababu watu wengine wanazitaka, hao ndio walioipandisha juu kabisa.

Robert Cialdini, aliyelieneza jaribio hilo kupitia kitabu chake cha mwaka 1984 kuhusu ushawishi, anatilia mkazo jambo ambalo wauzaji wengi hulipita haraka. Biskuti ya chupa yenye mbili haikuonekana tamu zaidi. Hamu ilipanda, ladha ikabaki palepale.

> Biskuti ikibaki mbili watu huitamani zaidi. Utamu wake hauongezeki hata chembe.

Maana yake ni kwamba upungufu unamsukuma mtu hadi mlangoni na kumwacha hapo. Akishaingia, atapima kile kilichomo ndani kwa ulimi wake mwenyewe. Mimi nilipimia kwenye viti 120.

## "Bila kusukumwa watu hawalipi"

Kijana mmoja anayeandika matangazo ya kulipwa, maeneo ya Mwenge, alikubali kuzungumza nami kwa sharti nisimtaje. Anaandikia saluni, vyuo vidogo, waandaaji wa semina. Nilimwonyesha ule ujumbe wa nafasi tatu. Akautazama kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwingine.

"Kaka, wewe ulilipa au hukulipa?"

Nilikiri nililipa.

"Basi limefanya kazi."

Hoja yake haikuwa ya kipuuzi, na nitaieleza kama alivyoieleza. Mteja wetu, anasema, ni mtu wa "nitalipa kesho". Si kwamba hataki. Anataka, ila pesa ina mambo mengi yanayoigombania, na jambo lisilo na mwisho husogezwa mbele mpaka lisahaulike. Ukimwambia nafasi zipo tele, umemruhusu alale. Akakumbusha kwamba hata wazee walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Kuhusu namba za kubuni, alizilinganisha na bei ya kuanzia sokoni. Muuza viatu akisema 40,000, wewe unajua ataishia 25,000, na hakuna anayemwita mwongo. Ni mchezo ambao pande zote mbili zinaujua.

Hapo ndipo nilipobisha. Sisi wenyewe tuna neno la kutenganisha mambo haya: chuku. "Keki hii ukiila utasahau jina lako" ni chuku, na hakuna aliyewahi kwenda polisi kudai jina lake. Bei ya kuanzia nayo ni mwaliko wa kupatana, na unaijibu kwa bei yako. Lakini "zimebaki 3" unaijibu kwa nini? Huna lako la kuweka mezani. Mtu anakupa taarifa ambayo yeye peke yake anaweza kuihesabu, na anataka uifanyie uamuzi.

Alinyamaza kidogo. "Sawa," akasema, "lakini ukiandika kweli, kwamba zimebaki 11 kati ya 12, nani atakuja? Wataona hapana mtu."

Swali hilo ni zuri kuliko yote aliyosema, na sikuwa na jibu. Jibu nililipata jikoni.

## Oveni tatu

Mama huyu anafundisha kuoka na kupamba keki, Sinza. Aliomba jina lake lisitoke gazetini kwa sababu aliyonieleza huku akicheka: "Wakija wengi nitawaweka wapi?" Wanafunzi wake wanamwita Mwalimu, nami nitamwita hivyo.

Kila mafunzo anachukua watu 12. Nilimuuliza kwa nini isiwe 15. Hakuniambia kuhusu "ubora" wala "umakini wa mwalimu kwa kila mwanafunzi". Alinipeleka nyuma akanionyesha oveni.

Ziko tatu. Kila moja inaingiza mikebe miwili ya inchi 8 kwenye rafu moja, bila kubanana. Anakataa kutumia rafu mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu keki za juu huiva tofauti na za chini, na mwanafunzi anayeanza hatajua kosa ni lake au la oveni. Kwa hiyo ni keki sita kwa mkupuo.

Mafunzo yanaanza saa 4 asubuhi. Kundi la kwanza linaingiza keki saa 5 na kuzitoa saa 5 na dakika 40. Kundi la pili linaingiza dakika kumi baadaye na kutoa saa 6 na nusu mchana. Keki zote zinahitaji kupoa kama saa moja na nusu hadi mbili, maana krimu ya siagi ikipakwa kwenye keki yenye moto inayeyuka na kuteremka pembeni kama jasho. Kuanzia saa 8 watu wako mezani wanapamba, na saa 10 jioni kila mtu anaondoka na boksi lake.

"Sasa weka kundi la tatu," akaniambia.

Niliweka. Wanaingiza saa 6 na dakika 40, wanatoa saa 7 na dakika 20, keki inapoa hadi saa 9. Wanabakiwa na saa moja ya kupamba badala ya mbili. Na hiyo ni siku ambayo umeme haujakatika. Kuwaambia wachanganye mapema na wote haisaidii, kwa sababu baking poda ikishalowa inaanza kazi, na unga uliochanganywa ukikaa unasubiri foleni hupoteza hewa, keki ikatoka imelala.

Kwa hiyo 12 si namba ya kutisha watu. Ni sita mara mbili.

> "Ukitaka kujua kama nafasi ni chache kweli, uliza kitu gani kinakwisha. Kwangu ni oveni."

Niliipenda kauli hiyo kwa sababu inaondoa ubishi wote wa nia njema na nia mbaya. Kikomo cha kweli kina kitu unachoweza kukigusa: mashine za kushonea, kompyuta, viti vya chumba kidogo, au saa za mwalimu anayesahihisha kazi ya kila mmoja. Mafunzo yaliyorekodiwa yakauzwa kwa kiungo cha video hayana kiti. Anayetangaza "nafasi 50 tu" za video aeleze ni kipi kinakwisha ikifika ya 51. Kundi la WhatsApp lenyewe linabeba watu 1,024. Kama kuna mtu atakayesoma na kurekebisha kazi za wanafunzi, hapo sawa, kinachokwisha ni macho yake, na tangazo liseme hivyo.

## Kishawishi cha watu sita

Nilidhani Mwalimu ana bahati tu ya kuwa mwaminifu. Akatoa daftari.

Ada ni 60,000. Kila mwanafunzi anakula gharama ya 20,000: vifaa 14,000, chakula na maji 6,000. Zinabaki 40,000. Gharama ambazo hazijali idadi ya watu, yaani chumba, wasaidizi wawili, gesi na usafiri, ni 240,000. Kwa hiyo watu sita wanarudisha gharama tu, yeye habaki na kitu. Wakiwa 12 anabaki na 240,000.

Wakiwa 18 je? Mara 40,000 ni 720,000. Toa 240,000, zinabaki 480,000.

Watu sita wa ziada wangemwongezea faida mara mbili, bila kulipia chumba kingine. Na huwa wanakuja. Kila mwezi, baada ya kutangaza kwamba pamejaa, kuna wanaopiga simu kusema watasimama, hawahitaji kiti. Aliwahi kukubali mara moja, miaka ya nyuma, akachukua 17. Watano waliondoka na keki zisizopambwa, na mmoja wao alimwambia, kwa upole kabisa, "Mwalimu, si ulisema 12?"

Kikomo kinajulikana siku pesa ya mtu wa 13 inapogonga mlango, wala si siku ya kutangaza. Ndiyo maana sioni ubaya kwa mtu anayejiwekea kikomo kwa hiari yake, anayesema "nachukua wanane kwa sababu wanane wananitosha", ilimradi wa tisa akija akutane na mlango.

## Tangazo lenyewe

Hili ndilo tangazo lake la mwezi uliopita, kama alivyoliandika:

*"Mafunzo ya keki, siku moja, Jumamosi saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni. Nafasi 12, kwa sababu oveni ni tatu na kila mtu anaoka keki yake mwenyewe. Ada 60,000. Nafasi yako inahesabiwa kianzio cha 20,000 kikiingia, ahadi hatuhesabu. Mwisho wa kulipia kianzio ni Alhamisi saa 6 mchana, saa 7 naenda kununua siagi na mayai. Tusipofika sita naahirisha, na kila mtu anarudishiwa pesa yake yote."*

Nilimpelekea yule kijana wa Mwenge. Akajibu kwa ujumbe wa sauti: "Hili halina moto." Dakika mbili baadaye akatuma mwingine: "Lakini ile ya siagi ni kali."

Ni kali kwa sababu inaipa siku ya mwisho sababu ambayo msomaji anaiona. "Mwisho Alhamisi" peke yake ni amri, na kila mtu anajua amri za namna hiyo husogezwa. "Saa 7 naenda kununua siagi" ni safari ya sokoni. Ukilipa Ijumaa, siagi yako haimo kwenye kikapu, na hakuna wa kumlaumu.

Sentensi ya kianzio nayo inaziba tundu kubwa. Kwetu mtu husema "niwekee nafasi" kwa moyo safi kabisa na asionekane tena. Muuzaji akizihesabu ahadi hizo, atatangaza "zimebaki 3" akiamini anasema kweli, kumbe waliolipa ni wawili. Uongo mwingi wa nafasi, nimegundua, unaanzia hapo: kwenye daftari linalochanganya waliolipa na walioahidi, bila mtu kukusudia kudanganya.

Na ile ya watu sita inafanya kitu ambacho sijakiona kwenye matangazo mengine. Inakiri mbele ya wateja kwamba huenda watu wasitoshe. Nilimuuliza kama haiwatishi. Alisema inawafanya wawatafute wenzao, maana aliyelipa hataki mafunzo yaahirishwe.

## Zimebaki 11

Nikamletea lile swali la kijana wa Mwenge. Siku ya kwanza, aliyelipa akiwa mmoja, unaandika nini?

"Siandiki kitu," alisema. "Nimeshasema nafasi ni 12. Hiyo inatosha."

Anaanza kutangaza hesabu ya waliolipa wakishapita nusu. Siku hiyo huandika, kwa mfano, "Waliolipa 8, zimebaki 4, Jumanne saa 3 usiku." Ile saa ndiyo siri ya kazi. Stetasi ya WhatsApp inafutika baada ya saa 24, lakini bango lililosambazwa kwenye makundi halifutiki. Linazunguka wiki nzima likisema zimebaki nne, hata pakishajaa, hata mafunzo yakishapita. Namba yenye saa yake inabaki kweli popote itakapofika, kwa kuwa inasema ilikuwa kweli lini.

Je, kunyamaza hadi nusu ifike si kuficha? Niliisumbukia hii njia nzima ya kurudi nyumbani. Muuzaji anachagua kuonyesha hesabu pale tu inapomfaa. Nadhani jibu linategemea kama msomaji amepewa jumla na sababu yake tangu mwanzo, na kama akiuliza anajibiwa. Mwalimu anasema akiulizwa "tumefika wangapi?" siku ya kwanza hujibu "wewe utakuwa wa pili". Wapo wanaopenda kuwa wa pili. Kunyamaza ni haki ya muuzaji. Kuweka namba ya kubuni mahali pa ukimya huo si haki yake.

Kuna mstari mmoja tulioubishania na yule kijana hadi mwisho. Chini ya tangazo, baada ya hayo niliyoyanukuu, Mwalimu huweka: "Mafunzo kama haya yatakuwepo tena mwezi ujao." Kijana anauona kama kujipiga risasi mguuni, kwa sababu umemwambia mteja anaweza kungoja. Mimi naona bila mstari huo haraka yote inageuka kitu kingine. Anayeogopa kukosa Jumamosi hii ana hofu ya kweli. Anayeogopa kukosa milele, wakati mwalimu anajua mwezi ujao yupo, ana hofu aliyotengenezewa.

## Sheria inasemaje

Wakubwa wa biashara ya mtandaoni wameshabanwa kwa jambo hilohilo. Desemba 2019 Tume ya Ulaya ilitangaza kwamba Booking.com imekubali kubadilisha namna inavyoonyesha ofa zake. Ikisema chumba cha mwisho, ifafanue kwamba ni cha mwisho kwenye tovuti yake, maana hoteli yenyewe inaweza kuwa navyo vingine. Na isionyeshe ofa kama ya muda mfupi ikiwa bei ileile itaendelea kupatikana baadaye.

Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walichapisha matokeo ya kupekua tovuti 11,000 hivi za kuuzia bidhaa. Walikuta hila 1,818 za kumsukuma mnunuzi. Zilikuwemo saa za kuhesabu kurudi nyuma ambazo zikifika sifuri hakuna kinachotokea, ofa iko palepale. Zilikuwemo pia taarifa za "watu kadhaa wanaangalia sasa" ambazo namba yake ilitungwa na programu kwa kubahatisha. Msomaji anaweza kujipimia mwenyewe: fungua ukurasa uleule kwa simu nyingine. Saa ikianza upya kwa ajili ya simu hiyo, haihesabu kitu chochote duniani.

Kwetu, Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au unaoelekea kupotosha, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye kazi hiyo. Kenya ina Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, inayohesabu maelezo ya uongo au ya kupotosha kuwa mwenendo usio wa haki. Hakuna sheria kati ya hizo inayomlenga mwandaaji wa warsha ya watu 12, na sitarajii ofisa yeyote aende Sinza kuhesabu viti. Lakini wanaodhani sheria inaishia kwenye bidhaa za dukani wanajidanganya, kwa sababu huduma imo.

## "Kutokana na maombi ya wengi"

Sijui ni nani aliyeitunga kauli hii, ila angelipwa senti moja kila inapotumika angekuwa tajiri. "Kutokana na maombi ya wengi, tumeongeza muda wa ofa." Kila msomaji anajua tafsiri yake: hawakununua.

Muda unaweza kusogea kwa haki. Chumba kinakosekana, mwalimu anaugua, umeme unatangazwa kukatika. Kinachotenganisha ni mambo mawili: sababu iliyo kweli, na aliyewahi anapata nini. Mwalimu aliwahi kutoa bei ya kuwahi, 50,000 hadi tarehe 10, kisha 60,000. Tarehe 10 waliolipa walikuwa wanne. Msaidizi wake akamshauri aendelee na 50,000 kimyakimya.

Hakuendelea. Bei ilipanda, wakalipa wengine watatu tu kwa 60,000, na mwezi ule akarudisha gharama tu, hakubaki hata na cha kununulia mikebe mipya. Nilimuuliza kama hakujuta. "Nilijuta," alisema bila kuzunguka. "Ila mwezi uliofuata wanane walilipa kabla ya tarehe 10."

Mwezi mmoja hauthibitishi kitu, nami siutoi kama ushahidi. Wapo waongo waliojaza kumbi miaka na miaka, hasa wanaohama mji kwa mji na kukutana na kila mteja mara moja tu. Mwalimu hahami. Wateja wake ni dada wa yule, jirani wa huyu, shoga wa binti wa fulani. Mimi na yule mwandaaji wa viti 120 hatutakutana tena, na nadhani alishalijua hilo alipoandika "3".

Nilikuwa jikoni Jumatano jioni nafasi moja ilipofunguka. Mwanafunzi wa nne alikuwa amefiwa, akaomba asogezwe mwezi ujao. Nilitegemea Mwalimu achukue simu aandike "IMEBAKI MOJA", na ingekuwa kweli kabisa. Badala yake alifungua ukurasa wa mwisho wa daftari, penye majina matatu yaliyopangwa kwa tarehe ya kupiga simu. La kwanza halikupokea. Akasubiri dakika kumi, akapiga tena, akatuma ujumbe kwamba atashikilia nafasi hadi saa 3 usiku. Saa 3 ilipita. Akapiga namba ya pili.

Aliweka simu kwenye spika kwa sababu mikono ilikuwa na unga. Nilimsikia mwanamke upande wa pili akiguna.

"Dada, imepatikana kweli, au ndiyo biashara?"

Mwalimu akacheka mpaka akaegemea meza. "Usilipe sasa hivi. Lala uamke. Ila kesho saa 7 naenda sokoni."